Saa Kumi na Moja kwa Juma: Hesabu ya Mtumishi wa Afya Anayejisomesha

Muuguzi mwenye cheti aliyekaa kazini miaka kumi na miwili, anayetaka stashahada, kwa kawaida huanza na swali la fedha. Huenda kwa mganga mfawidhi, huambiwa kwamba bajeti ya mwaka haina fungu la mafunzo, hurudi wodini, na jambo hilo huishia hapo. Wengine hukaza moyo, hulipa ada kwa mshahara wao, kisha huacha masomo katikati ya muhula wa kwanza. Katika makundi yote mawili kilichokosekana hasa ni saa, ingawa wote watasema walikosa fedha. Mwajiri asiyeweza kutoa shilingi moja bado ana saa za kutoa, na ni haki kumdai hizo.

Vyuo vya Tanzania hupima kozi kwa krediti, na krediti moja ni saa kumi za kujifunza. Saa hizo hujumlisha kila kitu: mhadhara, kusoma peke yako, kazi za kuandika, mazoezi ya vitendo na mitihani. Mwaka kamili wa masomo ni krediti 120, yaani saa 1,200. Muhula wenye krediti 60 ukigawanywa kwa majuma kumi na sita unampa mwanafunzi saa 37 na nusu kwa juma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida za kazi kwa juma. Mtu anayefanya yote mawili kwa ukamilifu atakuwa kazini au vitabuni saa 82 na nusu, kabla hajapika, hajasafiri, hajauguza mtoto wala kwenda msibani.

Kwa hiyo mtangazaji wa chuo anayesema kozi ya mwaka mmoja inasomeka kwa mwaka mmoja bila kuacha kazi hasemi kweli, au anasema kweli kuhusu kozi ambayo saa zake zimepunguzwa kimyakimya. Swali la kwanza kwa msajili, kabla ya kulipa hata fomu, ni kama chuo kinaruhusu kusajili sehemu ya kozi za muhula na kulipia hizo tu. Chuo kisichoruhusu hakimfai mtumishi wa zamu, hata kama ada yake ni nafuu. La pili ni kama programu hiyo imesajiliwa na mamlaka husika na inatambuliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga, kwa sababu cheti kisichobadilisha leseni hakibadilishi kazi.

Kusoma bila kuacha kazi kunawezekana, na mfano wake uko jirani. Kuanzia mwaka 2005 shirika la Amref, pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya na washirika wengine, lilianza kuwapandisha wauguzi wa ngazi ya chini kwa masomo ya kompyuta. Wauguzi walibaki katika vituo vyao, walisoma kwenye vituo vyenye kompyuta vilivyowekwa hospitalini na vyuoni, na walifanya vitendo katika hospitali za karibu. Mpango huo haukudai mwaka mmoja. Uliwapa zaidi ya miaka miwili.

Achukuliwe sasa muuguzi wa kuwazia katika kituo cha afya cha wilayani, mwenye watoto watatu wanaosoma. Zamu ya asubuhi kituoni kwake ni saa 1:30 hadi saa 9:30 alasiri, siku tano. Zamu ya mchana ni saa 7:30 hadi saa 1:30 usiku, siku sita. Zamu ya usiku ni saa kumi na mbili, siku nne kwa juma. Mzunguko wa majuma manne humpa majuma mawili ya asubuhi, moja la mchana na moja la usiku.

Katika juma la asubuhi, saa yake ya uhakika ni ile ya kwanza baada ya kukabidhi zamu, kabla hajavua sare na kwenda nyumbani. Akishafika nyumbani, siku si yake tena. Anabaki kituoni saa moja, siku tano, katika chumba cha mikutano au hata chumba cha kliniki ambacho kimeshafungwa. Siku mojawapo ya mapumziko inampa saa tatu, na ile nyingine ni ya familia, isiguswe. Jumla ni saa nane. Juma la mchana ni tajiri zaidi: watoto wako shuleni, nyumba imetulia, na kuanzia saa 3 hadi saa 5 asubuhi akili bado ni mbichi. Asubuhi tano za namna hiyo ni saa kumi, siku ya mapumziko inaongeza nne, jumla kumi na nne. Juma la usiku linampa siku tatu zisizo na zamu. Ya kwanza ni ya kulala. Mbili zilizobaki zinatoa saa tatu kila moja, na nusu saa ya marudio baada ya kuamka alasiri kwa siku nne inaongeza mbili. Jumla ni nane tena.

Mzunguko mzima, basi, ni 8 na 8 na 14 na 8, yaani saa 38 kwa majuma manne, wastani wa saa 9 na nusu kwa juma. Kwa majuma kumi na sita ni saa 152. Akisajili krediti 16, anahitaji saa 160. Ameshashindwa kwa saa nane kabla mtoto hajapata homa.

Ndipo ratiba ya zamu inapoingia. Muuguzi mfawidhi akimbadilishia juma moja tu la asubuhi likawa la mchana, mzunguko unakuwa 8, 14, 14 na 8, yaani saa 44, wastani wa saa kumi na moja. Kwa muhula ni saa 176. Krediti 16 zinatosha, na zinabaki saa kumi na sita za misiba, homa na mtandao uliokatika. Kituo hakijapoteza mtu hata mmoja, kwa sababu yule anayechukua juma lake la asubuhi kwa kawaida hupatikana haraka; zamu ya mchana inayomrudisha mtu nyumbani usiku haina wapenzi wengi. Hakuna kasma iliyoguswa na hakuna kikao cha halmashauri kilichohitajika. Kilichohitajika ni penseli ya muuguzi mfawidhi, na ahadi kwamba ratiba hiyo haitabadilishwa kwa ujumbe wa simu jioni ya kuamkia zamu.

Ahadi hiyo ya mwisho ni nzito kuliko inavyoonekana. Ratiba inayotolewa juma kwa juma, kama ilivyo desturi katika vituo vingi, haimruhusu mtu kujua kama Alhamisi ijayo ana asubuhi yake. Ratiba ya majuma manne iliyobandikwa ukutani mapema inamfaa hata asiyesoma. Mfawidhi anayedai kwamba upungufu wa watumishi unamzuia kupanga mapema ana hoja nusu tu, kwa sababu kadiri watumishi walivyo wachache ndivyo kubadilishana zamu ghafla kunavyogharimu zaidi.

Jambo la pili ambalo mwajiri anaweza kulitoa bila fedha ni mazoezi ya vitendo. Tuseme kati ya krediti 120 za programu, 80 ni za nadharia na 40 ni za vitendo. Mgawanyo hutofautiana chuo hadi chuo. Krediti 80 za nadharia kwa 16 kila muhula ni mihula mitano, miaka miwili na nusu. Vitendo ni saa 400, na hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa saa za kawaida katika wodi aliyoizoea hazihesabiwi. Chuo kinataka awe chini ya msimamizi, katika idara zilizotajwa, na kitabu chake cha vitendo kisainiwe kazi ile ile inapofanyika. Watu hutoa likizo yao. Likizo ya mwaka ni siku 28. Nusu yake ina siku kumi za kazi, saa 80. Akitoa nusu ya likizo kwa miaka miwili, amepata saa 160. Kutoa likizo nzima mwaka baada ya mwaka ni kosa ambalo mwili hulilipiza, na anayelishauri hajawahi kukaa zamu ya usiku mwezi wa kumi na moja mfululizo.

Zinabaki saa 240. Hizo ni majuma sita ya zamu za saa 40. Kituo kikimhamishia wodi ya wazazi kwa majuma hayo sita, chini ya mkunga mwenye sifa anayekubaliwa na chuo, anafanya kazi ya kituo kama kawaida na saa zinahesabiwa. Kinachotakiwa ni barua moja kati ya kituo na chuo kabla ya kuanza. Barua ikiandikwa baadaye, vyuo vingi havitazitambua saa zilizopita, na ni sawa visizitambue.

Barua nyingine ni ya ruhusa ya masomo. Mtumishi wa umma anayejilipia mara nyingi hudhani kwamba, kwa kuwa fedha ni zake, hana haja ya kumwarifu mwajiri. Anasoma kwa siri, anamaliza, kisha anaomba kubadilishiwa kada kutoka muuguzi kwenda afisa muuguzi msaidizi, na faili linakwama kwa sababu halina kibali. Kibali cha maandishi kiombwe kabla ya kusajiliwa, kitaje programu, chuo na muda. Hata kikipatikana, mshahara mpya haufuati cheti siku ya mahafali. Mabadiliko ya kada hutegemea nafasi na bajeti. Anayekopa kwa hesabu ya mshahara huo mpya anajenga juu ya maji.

Kuhusu mkopo wenyewe yatosha kusema machache. Watumishi wa umma wanaifahamu kanuni ya theluthi: makato yasishushe mshahara wa kupokea chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Atakayekuwa amefika hapo tayari asianze muhula kwa mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameiita kausha damu. Kulipa kozi chache kwa muhula kunasaidia hapa pia, maana ada hugawanyika jinsi saa zinavyogawanyika. Chama cha kuweka na kukopa cha kazini, pale kilipo, ndicho mahali pa kwanza pa kuuliza. Na bei iulizwe yote: usajili, mitihani, bima, nauli za kwenda kwenye kituo cha mitihani na malipo ya Baraza mwishoni.

Saa kumi na moja kwa juma ni chache, kwa hiyo namna ya kuzitumia ni nusu ya suala. Wengi wa watu wazima wanaorudi shuleni husoma kama walivyosoma sekondari: wanarudia ukurasa uleule wakipaka rangi mistari mpaka wauone umezoeleka. Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi waliosoma kifungu mara nne walikumbuka zaidi dakika tano baadaye kuliko wale waliosoma mara moja na kujijaribu mara tatu bila kutazama. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojijaribu walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Mtumishi wa zamu hana mtihani baada ya dakika tano. Ana mtihani baada ya mwezi, na mgonjwa baada ya miaka miwili.

Katika saa ile moja ya kituoni baada ya zamu, basi, dakika kumi za kwanza ziwe za karatasi tupu. Daftari lifungwe, naye aandike anachokumbuka kutoka kipindi kilichopita, kisha afungue na kusahihisha kwa wino mwingine. Mfano ni somo la kifafa cha mimba. Swali si "eleza kifafa cha mimba," bali maswali mafupi yenye jibu moja. Dozi ya kuanzia ya magnesiamu salfeti ni ipi? Gramu 4 kwenye mshipa, polepole, na gramu 10 kwenye msuli, 5 kila kalio. Kabla ya kurudia gramu 5 baada ya saa nne, yanaangaliwa mambo gani? Kupumua kusiwe chini ya mara 16 kwa dakika, goti liitike linapogongwa, na mkojo usipungue mililita 30 kwa saa katika saa nne zilizopita. Kupumua kukisimama, dawa ya kugeuza ni ipi? Kalsiamu glukoneti, gramu 1 kwenye mshipa, polepole, huku mama akisaidiwa kupumua. Maswali manne au matano kama hayo kwenye vipande vya karatasi huingia mfuko wa sare, yakarudiwa kesho, kisha baada ya siku nne, kisha baada ya juma mbili. Akikosea moja, lile linarudi mwanzo wa foleni, na yale anayoyajua yanaachwa yapumzike.

Kuna faida nyingine ya njia hii: inaonyesha mapema kwamba mtu hajui. Anayesoma tu hugundua siku ya mtihani. Anayejijaribu huona juma la tatu kwamba nusu ya karatasi zake zinarudi mwanzoni kila mara, na hapo anaweza kumwuliza mkufunzi au daktari wa zamu wakati bado kuna nafasi. Mkunga mzoefu aliye zamu moja naye atajibu maswali hayo kwa dakika tatu kwenye meza ya wauguzi, na mara nyingi atafurahi kuulizwa.

Lipo eneo moja ambalo ruhusa ya mwajiri, ujasiri wa mwanafunzi na nidhamu ya kusoma haviwezi kulibadilisha, nalo linamhusu mgonjwa moja kwa moja. Mwaka 1997 Dawson na Reid, katika jarida la "Nature," walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya umakini kama mtu mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu. Baada ya saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Muuguzi aliyeamka saa 12 asubuhi, akasoma mchana kutwa kwa kuwa "leo niko huru," akaingia zamu ya usiku saa 1:30, anafikisha saa 17 ilipo saa 5 usiku. Saa 12 asubuhi, wakati wa kupima dawa za mwisho kabla ya kukabidhi, ametimiza 24. Yeye haoni tofauti, na huo ndio ubaya wake, maana uchovu humwondolea mtu kwanza uwezo wa kujua kwamba amechoka.

Kwa hiyo siku inayotangulia zamu ya kwanza ya usiku, vitabu vifungwe saa 6 mchana na saa mbili au tatu za alasiri ziwe za kitanda. Baada ya zamu ya usiku, hakuna somo jipya mpaka alale. Mwanafunzi anayesoma saa 2 asubuhi akitoka zamu, macho yakimwasha, anaweza kuhesabu saa hiyo katika daftari lake la masomo lakini kesho yake hatakumbuka kilichokuwamo. Kusoma wodini usiku wagonjwa wakiwa wamelala kunahitaji kusemwa wazi pia: karatasi za maswali mfukoni, dakika tano baada ya mzunguko wa kupima joto na mapigo, hazina ubaya. Mhadhara wa saa moja masikioni una ubaya, kwa sababu kengele ya wodi nyingi zetu ni sauti ya mgonjwa.

Mgonjwa au ndugu anayemkuta muuguzi na kipande cha karatasi mkononi asidhani anazembea. Ana haki, hata hivyo, ya kuuliza kama dawa imeangaliwa mara mbili, na muuguzi aliyelala mchana hukasirika mara chache kwa swali hilo.

Wapo viongozi wa vituo wanaosema kwamba kumpa mtu nafasi ya kusoma ni kumwandalia safari. Akipata stashahada atahamia hospitali ya mkoa. Inawezekana. Mwajiri anayelipa ada huweka mkataba wa kumfunga mtumishi miaka kadhaa, na ana haki hiyo. Asiyelipa hana cha kumfungia, na hawezi kudai utii wa aliyelipiwa kwa bei ya asiyelipiwa. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kwamba kwa miaka miwili na nusu ya masomo, wodi yake ina mtu anayeuliza maswali kuhusu magnesiamu salfeti kila juma. Kwa kituo chenye wakunga wawili, hicho si kidogo.

Mpango ukianza kuvunjika, dalili huonekana kabla ya mtihani. Saa zilizoandikwa zikiwa chini ya nusu ya zilizopangwa kwa majuma mawili mfululizo, au mtu akijikuta amesoma aya moja mara tatu bila kushika chochote, au akianza kulala kwenye gari la abiria na kupitishwa kituo chake, afungue kanuni za chuo atafute tarehe ya mwisho ya kuahirisha kozi. Aliyeahirisha kwa barua ndani ya muda hubeba ada yake na alama zake muhula unaofuata. Aliyeacha kimya huandikiwa ameshindwa, hulipia kurudia, na faili lake hubaki na alama hiyo. Tarehe hiyo iandikwe kwenye ratiba ya zamu siku ileile ya kusajili, pembeni ya juma linalohusika, mahali ambapo muuguzi mfawidhi naye ataiona.